Tupeane uzoefu: kubadili data za kuvuta chuma kuwa mkazo halisi, wewe unakomea wapi?

Mchora_Grafu

Wakuu, habari za kazi. Naomba wenye uzoefu wa mashine ya kuvuta tukae kwenye jambo moja tu.

Maabara inakupa mkazo wa kawaida: nguvu kugawanya kwa eneo la sampuli kabla haijavutwa. Programu ya uchambuzi kama Abaqus haitaki huo. Inataka mkazo halisi, uliogawanywa kwa eneo lililopo dakika ile ile. Wengi tunatumia kanuni hizi kwenye Excel, e ikiwa ni kurefuka kugawanya kwa urefu wa kipimo:

```
mkazo_halisi  = mkazo * (1 + e)
mrefuko_halisi = LN(1 + e)
```

Wiki hii nimeletewa grafu ya chuma laini cha kaboni kidogo. Sampuli ya duara, kipenyo 10 mm, urefu wa kipimo 50 mm. Nguvu ilipanda hadi 32.6 kN sampuli ikiwa imerefuka 11 mm, kisha ikashuka hadi ikakatika kwa 24.5 kN ikiwa imerefuka 17.5 mm. Aliyeandaa grafu alizivuta kanuni zile mbili kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Mkazo halisi ukapanda hadi 506 MPa, halafu ukashuka hadi 421 MPa pale pa kukatika. Programu nayo ikagoma, mahesabu hayafiki mwisho.

Ninyi mnakomea wapi, na baada ya hapo mnafanya nini?

Fundi_wa_Kerezo

Mimi nakereza sampuli na kuzivuta, hesabu nawaachia wenyewe. Ila kukomea ni kwenye kilele cha nguvu, hilo halina mjadala. Pale ndipo shingo, ile sehemu inayokonda kabla ya kukatika, inapoanza. Baada ya kilele chuma kimeshalegea ndani, hakina uwezo tena, ndiyo maana mzigo unashuka. Grafu ya huyo kijana inaonyesha hali halisi, chuma kimechoka.

Bibi_Mkazo

Fundi, pa kukomea umepataja sawasawa. Sababu ndiyo siikubali, na hiyo sababu ndiyo iliyoharibu grafu ya Mchora_Grafu.

Chuma hakijalegea. Chukua kalipa upime shingo ya sampuli iliyokatika. Mchora_Grafu, naomba kipenyo cha shingoni.

Mchora_Grafu

6.0 mm. Nimepima pande mbili, zimelingana.

Bibi_Mkazo

Vizuri sana. Eneo la mwanzo lilikuwa 78.5 mm², la shingoni ni 28.3 mm². Gawanya 24,500 N kwa 28.3, unapata kama 867 MPa. Siyo 421. Chuma pale shingoni kinabeba mkazo mkubwa kuliko wakati wowote wa mtihani. Mzigo umeshuka kwa sababu eneo limepungua haraka kuliko ugumu ulivyoongezeka.

Kanuni ya kuzidisha kwa (1 + e) inasimama juu ya dhana mbili. Ya kwanza, ujazo wa chuma haubadiliki kikivutwa kupita kiwango chake cha kurudi, kwa hiyo kadiri kinavyorefuka ndivyo kinavyokonda. Hiyo inabaki kweli hadi karibu na kukatika. Ya pili, kirefuke sawasawa kwenye 50 mm zote. Hiyo ndiyo inayokufa shingo inapoanza. Kuanzia hapo kurefuka kote kunatokea kwenye kipande kifupi, lakini wewe bado unakigawa kwa 50 mm nzima. Unaandika mrefuko halisi wa 0.30 wakati shingoni, kwa kutumia maeneo, ni LN(78.5/28.3), yaani 1.02. Umeukosa zaidi ya mara tatu.

Shingo kuanza ni mashindano. Chuma kikivutwa kinakuwa kigumu zaidi, na wakati huo huo kinakonda. Pakitokea sehemu iliyokonda kidogo kuliko nyingine, mwanzoni ugumu unaoongezeka pale unatosha kuiokoa, na kurefuka kunahamia kwingine. Siku ugumu ukizidiwa, sehemu hiyo haiokoki tena. Mhandisi Mfaransa Armand Considère aliliweka hilo kwa hesabu mwaka 1885: shingo inaanza pale mteremko wa grafu ya mkazo halisi dhidi ya mrefuko halisi unapolingana na mkazo halisi wenyewe. Hapo hapo ndipo nguvu inapofika kilele.

Fundi_wa_Kerezo

Hiyo 867 imenifungua macho, sikuwahi kugawa kwa eneo la shingoni. Lakini nishikilie moja. Sampuli nikiitazama kwa macho, shingo siioni pale kileleni. Naiona baadaye, mzigo ukiwa umeshuka kidogo.

Bibi_Mkazo

Na macho yako yako sawa. Mwanzo wake ni tofauti ya kipenyo ndogo mno kuonekana kwa jicho. Kilele ndiyo dalili ya mapema.

Nondo_Site

Samahani wakuu, nimeona mnaongelea majibu ya maabara nami yangu yapo mezani. Nondo za 12 mm, daraja B500B. Je, nizidishe huo (1 + e) kabla sijalinganisha na kiwango? Maana mkazo ukiongezeka zitapita kwa urahisi zaidi.

Bibi_Mkazo

Hapana ndugu yangu, usiguse. Kiwango cha nondo kimeandikwa kwa mkazo wa kawaida, na eneo ni lile la jina, 113 mm² kwa nondo ya 12 mm. Ukizidisha utapitisha nondo ambayo haijafikia.

Ila swali lako lina undugu na mada hii. Kwenye karatasi yako kuna namba inaitwa Agt, urefukaji jumla wakati nguvu iko kileleni. Kwa B500B inatakiwa isipungue 5%. Huo ndio mrefuko kabla ya shingo. Urefukaji wa baada ya kukatika umechanganya shingo ndani yake, na hubadilika ukibadili urefu wa kipimo: shingo ile ile ukiigawa kwa urefu mfupi inatoa asilimia kubwa.

Nondo_Site

Agt wameandika 6.1%. Basi nimetulia. Asante, mama.

Mwaka_wa_Tatu

Shikamoo wote. Mimi bado nasoma, nina swali la hicho kilele. Kwenye data zangu kilele ni tambarare. Nguvu inakaa 32.6 kN kutoka kurefuka 14 mm hadi 16 mm, haichezi. Nikichagua mstari wenye namba kubwa kabisa napata jibu tofauti kila sampuli. Nichague upi?

Mtu_wa_Mteremko

Marahaba. Usichague kwa nguvu, kwa sababu pale juu mshindi anaamuliwa na kelele za kipimia nguvu. Tumia mteremko. Mimi nafanya hivi na data zinazofanana na za Mchora_Grafu:

Kwenye kurefuka 5 mm, nguvu 31.2 kN. Mkazo wa kawaida 397, halisi 437 MPa, mrefuko halisi 0.095. Kwenye 11 mm, halisi 506 MPa na mrefuko halisi 0.199. Chuma hiki kinafuata vizuri kanuni ya mkazo halisi kuwa K mara mrefuko halisi kwa kipeo n, K na n zikiwa namba za chuma chenyewe. Chukua logi za hizo nukta mbili:

```
n = LN(506/437) / LN(0.199/0.095)
```

Inatoka 0.20. Sasa kwa chuma kinachofuata kanuni hiyo, sharti la Considère linasema shingo inaanza mrefuko halisi ukifika n yenyewe. Yaani 0.20, ambao ni kurefuka kama 11 mm. Njia mbili zimekutana, basi naamini. Kazini sitegemei nukta mbili, napitisha mstari kwenye nukta nyingi, kuanzia mrefuko wa kama 0.05. Chini ya hapo chuma laini kina ile sehemu ya bapa mara baada ya kupita kiwango chake cha kurudi, ukiiingiza inavuruga n. Na zikikataa kukutana, naanza kushuku kipimo.

Mwaka_wa_Tatu

Zangu zimekataa. n ni 0.19 lakini kilele kiko kwenye mrefuko halisi wa 0.26.

Mtu_wa_Mteremko

Kurefuka ulikupima na nini? Kulikuwa na ekstensomita, kile kipimio kinachobanwa kwenye sampuli yenyewe?

Mwaka_wa_Tatu

Hapana, ni mwendo wa kichwa cha mashine.

Mtu_wa_Mteremko

Basi anzia hapo. Ule mwendo una kujinyoosha kwa mashine, kuteleza kwenye taya, na kurefuka kwa sehemu za sampuli zilizo nje ya 50 mm. Vyote umeviita mrefuko wa chuma. Dalili nyingine: angalia mteremko wa mwanzo kabisa. Chuma kinatakiwa kitoe kama 200 GPa. Ukikuta 30 au 40, umepima mashine.

Mwaka_wa_Tatu

Nimekuta 38.

Bati_Jepesi

Huku kwetu tunakandamiza bati la alumini kutengeneza sufuria, kwa hiyo sampuli zetu ni bapa. Tahadhari kwa wenye bati: kuna shingo mbili. Ya kwanza ni pana, imetawanyika, inaanza kileleni kama mlivyosema. Baadaye inakuja ya pili, mfereji mwembamba unaokata bati kwa mshazari, na huo ndio unaopasua sufuria kwenye kona. Kwa kuvuta upande mmoja, nadharia inauweka kwenye mrefuko wa kama mara mbili ya n. Kwa hiyo mtu wa bati akikomea kileleni kwa data yuko sahihi, ila asidhani bati limeisha kazi pale.

Mchora_Grafu

Nimeshusha mstari wa mwisho kileleni, nikatoa mkazo halisi/E kwenye kila mrefuko halisi, E ikiwa ule mteremko wa mwanzo wa 200 GPa, ili ibaki sehemu isiyorudi tu, na mstari wa kwanza nimeuanza na sifuri. Programu imekubali. Lakini kipande changu kinafika mrefuko wa 0.6 kwenye kona, na data zinaishia 0.2. Katikati hapo niweke nini? Ile 867 naweza kuitia kama nukta ya mwisho?

Bibi_Mkazo

Siyo ikiwa mbichi. Shingoni chuma hakivutwi kwa urefu tu, umbo la shingo linakivuta na kwa pembeni pia, na hilo linapandisha mkazo wa wastani kuliko ule unaosababisha chuma kutiririka. Percy Bridgman wa Harvard alitoa masahihisho yake. Unahitaji nusu kipenyo cha shingo, kwako 3 mm, na nusu kipenyo cha duara la mkunjo wa shingo kwa pembeni. Tuseme umeupima ukapata 4 mm:

```
867 / ((1 + 2*4/3) * LN(1 + 3/(2*4)))
```

Inashuka hadi kama 742 MPa kwenye mrefuko wa 1.02. Weka hiyo, unganisha na 506 yako.

Mtu_wa_Mteremko

Hapo tunaachana, bibie. Ule mkunjo wa shingo ukiukosea milimita moja namba inahama, na sampuli iliyokatika ukiiunganisha tena haikai kama ilivyokuwa. Pia ukiendeleza kanuni ya n = 0.20 hadi 1.02 unapata kama 702, siyo 742. Mimi najenga sampuli yenyewe kwenye programu, nabadilisha mkia wa grafu hadi nguvu na kipenyo cha shingo vifuate mtihani.

Bibi_Mkazo

Na mikia miwili tofauti ikitoa nguvu ile ile, utachagua upi? Nimeshaiona hiyo. Bila kipenyo kilichopimwa hatua kwa hatua, njia yako inakubali majibu mengi.

Mtu_wa_Mteremko

Kweli, kipenyo lazima kiwepo. Napiga picha mfululizo za shingo kwa sababu hiyo.

Fundi_wa_Kerezo

Mchora_Grafu, sampuli za chuma hicho zimebaki ngapi? Mashine yetu inasimama ukitaka. Tunaweza kuvuta, tukishapita kilele tunasimamisha kila baada ya muda mfupi, tunapima shingo kwa kalipa, tunaendelea.

Mchora_Grafu

Zimebaki mbili, fundi. Nakuja nazo Jumatatu, pamoja na kamera.