Sensa ya mlango inaniletea arifa za saa nane usiku saa kumi na mbili asubuhi, naombeni ushauri

Mlinzi wa Mbali
Habari za humu wadau. Niko Kahama kikazi mwezi wa tatu sasa, familia ipo Chanika. Kabla sijaondoka nilifunga kamera moja ya waifai barazani na sensa ya mlango kwenye mlango wa nyuma, ile ya betri mbili ndogo. Vyote havikufika laki moja na nusu. Nia yangu mlango ukifunguliwa usiku simu ilie hapo hapo.

Sasa hailii. Naamka asubuhi ndio nakuta imeandika "Door opened 02:07". Angekuwa mwizi si keshafika Pugu na tivii yangu? Nataka kununua seti ya kamera nne na mashine yake ya kurekodia, mnishauri ipi haina longolongo.

Jongoo Dume
Sensa si ilipita 2022 mkuu? Au kwenu makarani wamerudi kwa mlango wa nyuma?

Mama Pacha
Achana na vidude vya mchina, fuga mbwa. Sisi hapa Mbezi tuna jike moja tu, koko wa kawaida, lakini usiku hata paka akipita ukutani mtaa mzima unajua. Mbwa haombi bando. Shida yake ni moja, mwaka jana alimng'ata mtu wa maji na tukagharamia sindano zote.

Nyundo
Tatizo lako dogo sana. Hizo kamera zinakuja na saa ya China, na wao wametutangulia saa tano. Ingia kwenye apu ubadilishe majira, utaona arifa zinakuja kwa wakati. Yangu ilikuwa hivyo hivyo.

Mlinzi wa Mbali
Nyundo, majira niliyaweka ya Dar toka siku ya kwanza. Kamera ikinionyesha baraza mchana, saa iliyopo kwenye picha inalingana na ya simu.

Fundi Ukonga
Kabla hujanunua chochote, fungua apu sehemu ya historia ya sensa. Chagua usiku tatu uniandikie saa mlango ulipofunguka na saa arifa ilipoingia kwenye simu. Na sema nyumbani kuna nani, ruta iko wapi, na inatumia intaneti gani.

Mlinzi wa Mbali
Jumatatu mlango 01:52, simu 06:10.
Jumatano mlango 02:07, simu 06:12.
Ijumaa mlango 23:40, simu 06:09.
Ruta ni ya laini, bando la mwezi. Ipo sebuleni.

Fundi Ukonga
Nyumbani kuna nani?

Mlinzi wa Mbali
Familia.

Jongoo Dume
"Familia." Mkuu ficha vizuri, miguu inaonekana.

Mama Pacha
Baba, ukienda hospitali ukamficha daktari panapouma utapewa panadol. Sema.

Mlinzi wa Mbali
Haya. Yupo mke wangu, watoto wawili, na mdogo wake mke wangu, kijana wa miaka 22, alikuja "wiki mbili" tangu Januari. Chumba chake ndio kipo karibu na mlango wa nyuma. Naamini anatoka usiku, na naamini anazima ruta ili nisipate arifa, halafu akirudi anaiwasha. Mara mbili nimefungua kamera saa tatu usiku ikakataa kabisa. Nimeshamwambia mke wangu mwisho wa mwezi kijana aondoke. Msiniambie nimekurupuka, nyumba ni yangu na nimevumilia vya kutosha. Nilichouliza ni kamera.

Binti Kilwa
Mimi nafanya kazi za ndani Muscat. Kamera ipo jikoni, ipo sebuleni, ipo hadi kwenye korido ya kwenda chumbani kwangu. Madam yuko ofisini ananipigia: "Mbona umekaa?" Nimekaa namenya vitunguu! Kamera inaona mtu amekaa, vitunguu haivioni. Mwulize kwanza shemeji yako anatoka kwenda wapi.

Nyundo
Mimi bado nasema ni majira.

Kobe wa Pwani
Wakuu hii ni chai, tena haina hata tangawizi. Anasema shemeji anazima ruta usiku, na arifa zinafika asubuhi ruta ikiwashwa. Hizo sensa za betri zimelala muda wote. Mlango ukifunguka sumaku inaachana na mwenzake, sensa inaamka, inashika waifai, inatuma, inalala tena. Ikikosa waifai, nyingi habari yake inaishia hapo, hazina pa kuitunza mpaka asubuhi. Ruta ingekuwa imezimwa hiyo 02:07 isingeonekana popote. Mtunzi hakufanya utafiti. Mods fungeni.

Jongoo Dume
Nilishachukua na kitafunwa kabisa.

Mlinzi wa Mbali
Kobe, nina shida ya kweli na wewe unaniita mtunzi. Nikutungie uzi wa nini, nalipwa? Piga picha ya skrini nikutumie?

Fundi Ukonga
Tulieni. Kobe amepatia kwenye ruta ila amekosea kumwita mwenzetu mwongo. Mtu anaweza kusema kweli yote aliyoiona na bado akamshika asiyehusika.

Tazameni zile namba. Usiku wa kwanza arifa imechelewa saa nne na dakika kumi na nane. Wa pili saa nne na dakika tano. Wa tatu saa sita na nusu, karibu. Ingekuwa ni majira kama anavyosema Nyundo, tofauti ingekuwa ile ile kila siku, saa tano kamili. Hapa ucheleweshaji unabadilika, lakini saa ya kufika haibadiliki: zote zinaingia saa kumi na mbili na dakika kumi hivi. Na kama historia ina 02:07, basi habari ilitoka Chanika usiku ule ule. Ruta ilikuwa inawaka. Arifa ilifika ikakuta mlango wa simu yako umefungwa huko Kahama.

Mkuu, saa kumi na mbili na dakika kumi wewe unafanya nini?

Mlinzi wa Mbali
Ndio alamu yangu. Naamka.

Fundi Ukonga
Na ukilala simu inakuwaje?

Mlinzi wa Mbali
Betri yake imechoka, na kwenye hiki chumba soketi ipo mbali na kitanda. Kwa hiyo nimeiseti saa nne usiku inaingia yenyewe kwenye ile hali ya kuokoa betri kupita kiasi, skrini inabaki nyeusi na apu chache. Asubuhi naitoa. Data sizimi lakini, iko "on" muda wote.

Kobe wa Pwani
😂😂😂 Mlinzi amelala na shuka kichwani, anamfukuza shemeji.

Fundi Ukonga
Data kuwa wazi haitoshi. Hiyo hali inazisimamisha apu zote isipokuwa zile chache unazoziona pale, na ya kamera haimo. Arifa yako inangoja mpaka uitoe simu humo, ndipo zinamwagika zote kwa mpigo.

Fanya hivi. Kwanza ondoa hiyo ratiba ya saa nne, sogeza kitanda au nunua waya mrefu wa chaja. Pili, shikilia alama ya apu ya kamera, ingia "App info", kisha "Battery", chagua "Unrestricted". Simu nyingi za bei yetu zina na kifungo kingine kinaitwa "Autostart", kiwashe. Tatu, acha tabia ya kubonyeza ile fagio ya kusafisha simu kabla ya kulala. Kwenye baadhi ya simu ukiifagia apu ndio umeizima, haitapokea kitu mpaka uifungue tena mwenyewe.

Halafu jaribu, lakini usijaribu huku umeishika simu. Simu iliyo mkononi iko macho, itapokea tu na utadhani umepona. Iweke mezani skrini imezimwa, usiiguse saa nzima, kisha mwambie mama watoto afungue mlango bila kukwambia ni dakika gani.

Mama Pacha
Na mbwa je?

Mlinzi wa Mbali
Mrejesho. Nimefanya yote. Simu imekaa mezani kuanzia saa tisa alasiri. Saa kumi na dakika ishirini imelia, nikampigia mke wangu, anasema kaufungua mlango sasa hivi, hata hajaurudishia. Fundi ubarikiwe.

Ila swali langu linabaki. Arifa zilichelewa sawa, lakini mlango ulifunguka au haukufunguka? Nani anafungua mlango saa nane usiku?

Fundi Ukonga
Hilo nalo lipo kwenye historia. Chini ya kila kufunguka kuna kufungwa. Tusomee.

Mlinzi wa Mbali
Jumatatu 01:52 umefunguka, umefungwa dakika hiyo hiyo. Jumatano 02:07, hivyo hivyo. Nikibonyeza inanionyesha na sekunde: umefunguka kwa sekunde moja. Ijumaa umefunguka 23:40, umefungwa 23:58.

Fundi Ukonga
Sekunde moja hakuna mtu anapita mlangoni. Mlango ni wa mbao au chuma? Na kati ya sumaku na sensa kuna nafasi gani?

Mlinzi wa Mbali
Geti la chuma. Nafasi kidole kinapita, fundi alisema haina neno.

Fundi Ukonga
Ina neno. Chuma kinaidhoofisha sumaku, na ikiwa mbali hivyo sensa inakuwa ukingoni, upepo ukilitikisa geti kwenye komeo inasema umefunguliwa. Weka kipande cha plastiki au mbao nyuma ya sumaku, kiiinue isigusane na chuma, halafu isogeze mpaka ibaki nafasi ya unene wa sarafu mbili. Hao wa Jumatatu na Jumatano ni upepo. Ijumaa si upepo.

Binti Kilwa
Choo kiko ndani au nje?

Mlinzi wa Mbali
Kipo cha ndani. Cha nje kipo pia, yeye anatumia cha nje.

Jongoo Dume
Dakika kumi na nane. Kesi imeisha, mpelekeeni ugali usio na maharage.

Kobe wa Pwani
Kamera ya barazani ilisema nini Ijumaa?

Mlinzi wa Mbali
Arifa za kamera nilizifunga. Usiku mwanga wake ule usioonekana unamulika wadudu, kila kipepeo akipita mbele ya kioo inaniambia kuna mwendo. Usiku mmoja zilikuja zaidi ya mia.

Fundi Ukonga
Angalia kama ina chaguo la kutambua watu tu, litapunguza sana ingawa buibui akijenga mbele ya kioo bado atakusumbua. Ila kuzifunga arifa hakuzuii kurekodi. Kadi ya kumbukumbu si ipo ndani? Angalia Ijumaa. Na zile mara mbili ilipokataa saa tatu usiku, kama uliweka irekodi muda wote, video ikiwepo ujue umeme ulikuwepo, intaneti ndio iliyokatika. Isipokuwepo, kamera yenyewe ilizimika.

Mlinzi wa Mbali
Kadi sikuweka. Niliona elfu ishirini nyingine ya nini.

Kobe wa Pwani
Lakini seti ya kamera nne hela ipo.

Mlinzi wa Mbali
Seti nimeshaitangulizia nusu, muuzaji hanirudishii. Na kuhusu kijana, neno nilishalitoa mbele ya mke wangu.

Mama Pacha
Neno ulilitoa kwa sababu ya upepo, baba.

Mlinzi wa Mbali
Na Ijumaa je? Nimempigia yeye mwenyewe jioni hii, mara mbili. Simu inaita, hapokei.

Nyundo
Labda naye ameweka ya kuokoa betri.