Naomba ushauri: namba sita wetu anacheza kweli au ramani inanidanganya?

Wakuu habari, niko Mbeya hapa Uyole, nasaidia kocha wa timu ya mtaa. Jumapili nilirekodi mechi kwa simu halafu usiku nikakaa naweka alama kwenye karatasi kila mchezaji wetu alipogusa mpira, na kila pasi ilienda kwa nani (macho yaliniuma balaa).

Sasa ramani ya joto ya namba sita inaonyesha katikati pamewaka moto, na kwenye mtandao wa pasi duara lake ndo kubwa kuliko wote, kocha kafurahi. Mimi nikahesabu, pasi zake 41 zilizofika, 26 ni kwa mabeki wa kati wawili, kwa namba kumi 6 tu, 9 zilizobaki pembeni. Yaani mstari mnene wote unarudi nyuma! Ila pia wale jamaa walimkaba sana namba kumi wetu, so labda kosa si lake.

Mwenzake namba nane ramani yake imepoa, na duara lake limekaa katikati ya uwanja wakati mimi nilimwona anahama kulia na kushoto, nadhani ni wastani tu umemweka pale ambapo hajawahi kusimama. Na kuziba njia bila kugusa mpira hakuonekani popote.

Mnaojua hizi mambo, nihesabu nini zaidi? Nilikuwa nawaza pasi zinazovuka mstari wa viungo wao, na mpira alioupokea akageuka nao mbele. Au nitenganishe kabla na baada ya sabu ya kwanza?