Benki kubwa zinapanda DSE. Ninunue benki ndogo iliyobaki nyuma?

BintiNzuguni: Wakuu, habari za Dodoma na joto lake. Naangalia faharisi ya TSI ya Soko la Hisa Dar es Salaam, inapanda. Faharisi ya benki inapanda zaidi, kwa hiyo fedha zinaelekea benki. NMB na CRDB naona zimeshakwenda, ila kuna benki ndogo bei yake haijasogea hata kidogo. Nina hela ya hisa 10,000. Je, si ndiyo zamu yake?

MkulimaKibaigwa: Nunua dada. Mahindi yakipanda Kibaigwa leo, kesho yamepanda na kwingine. Benki ni benki.

Mzee_wa_Kikuyu: Kijana, mahindi yanapakiwa kwenye lori yakafuate bei. Hisa ya benki moja huwezi kuipakia uiuze kama ya benki nyingine.

Binti, tuanze na TSI. Umefanya vema kutoitumia DSEI, maana ile inabeba pia kampuni za Kenya kama KCB na EABL, na bei zao zinaamuliwa Nairobi. Lakini TSI nayo inapima kwa ukubwa wa kampuni. Chukua mfano: kampuni moja ina uzito wa asilimia 30 ndani ya faharisi, bei yake ikapanda asilimia 6. Hiyo peke yake inainua faharisi kwa asilimia 1.8. Ukiona faharisi imepanda 1.5 tu, ujue zilizobaki zote kwa pamoja zimeshuka. Gazeti litaandika soko limepanda, na halijakosea.

Kwa hiyo hesabu kampuni zenyewe. Chukua bei ya kufunga ya Ijumaa hii na ya wiki nne zilizopita, kwa kampuni za ndani tu. Andika ngapi zimepanda, ngapi zimeshuka, ngapi hazikusogea. Usihesabu kwa siku moja, kwa sababu siku moja nyingi hazisogei kabisa na utapata picha ya uongo.

Tarakimu: Njia sahihi ni kuangalia asilimia ya hisa zilizo juu ya wastani wa bei zao wa siku 200. Zikizidi nusu, soko lina afya. Wamarekani wanaitumia kwa S&P 500.

Mzee_wa_Kikuyu: Kule ni kampuni 500 zinazouzwa kila dakika. Hapa hisa ikikaa miezi bila mtu kuigusa, wastani wake unakuwa mstari uleule wa bei. Ikiuzwa mara moja kwa shilingi 5 zaidi, tayari iko "juu ya wastani". Kwa NMB na CRDB sawa, ila kwa hizo mbili huhitaji kuhesabu upana, yaani ngapi zinapanda na ngapi zinashuka.

BintiNzuguni: Nimehesabu kampuni 20: 4 juu, 5 chini, 11 palepale. Lakini benki si zinaongoza? Wiki nne zilizopita nikigawanya faharisi yao kwa TSI nilipata 1.20, sasa napata 1.235.

Mzee_wa_Kikuyu: Kugawanya umegawanya vizuri. Sasa ondoa hizo mbili kubwa, uone benki ngapi zimebaki zikipanda. Kama hakuna, sekta haijapata fedha. Zimepata kampuni mbili. Wanunuzi wakubwa, kama mifuko, wanataka hisa wanayoweza kuiuza tena bila kuivunja bei. Benki yako haijabaki nyuma kwenye foleni, haimo kwenye foleni.

Angalia ripoti ya kila siku: imeuzwa siku ngapi kati ya 20, na hisa ngapi?

BintiNzuguni: Siku 7. Wastani kama 1,500, nimeondoa siku moja ya mkupuo mkubwa.

Mzee_wa_Kikuyu: Basi kwa mwezi ni takriban 10,000, sawa na mzigo wako wote. Kuingia utaingia. Siku ya kutoka, wewe mwenyewe ndiye utakayeishusha bei. Mwulize dalali oda za kununua zimesimama bei gani na kwa kiasi gani, si bei ya mwisho tu.

MkulimaKibaigwa: Na gawio je? Hata bei isiposogea anakula gawio.

Tarakimu: Hilo ni swali la kampuni, si la soko. Ila kuna mtego: hisa zikianza kuuzwa bila haki ya gawio, bei za benki kubwa zaweza kushuka kwa kiasi cha gawio. Ukihesabu wiki nne zinazovuka tarehe hiyo, utadhani fedha zimehama sekta. Rudishia gawio kwenye bei kwanza. Pia wiki nne naona ni chache, mimi ningetumia 13.

Mzee_wa_Kikuyu: La gawio nakubali. La wiki 13 hapana, utagundua mabadiliko yakiwa yameisha.

Tarakimu: Na kwa wiki nne atakimbizana na oda za mtu mmoja.

BintiNzuguni: Nitahesabu zote mbili. Oda ya 10,000 nimeiahirisha, kesho nampigia dalali kuuliza upande wa wanunuzi.