Mafundi wa sola, mteja akisalimia asubuhi mnamwanzishia moja kwa nini?

Waya_Mwekundu:
Wakuu, hii tabia inaudhi. Mteja kaandika jana saa tatu usiku: akiwasha TV, inveta inalia kisha inazima. Kaambiwa apime betri yake ya volti 12 mara mbili, kwanza bila mzigo, halafu TV ikiwaka. Ya kwanza kasoma 12.3, simu ikazima chaji, kimya. Leo saa nne asubuhi: "Habari za asubuhi fundi." Jibu analopewa: "Nzuri, karibu, nikusaidie nini?" Jamani! Meseji za jana si ziko hapo juu?

Itikia salamu, kisha mrudishe mlipoishia: "Nzuri, umeamkaje? Jana bila mzigo ilisoma 12.3, kikabaki kipimo cha TV ikiwaka. Kuna waya umegusa tangu jana?" Hilo swali la waya usiliruke. Wengi usiku hukaza vichwa vya betri wasiseme, nawe asubuhi unatafuta hitilafu ambayo haipo tena.

Baya zaidi ni kumwambia "pima sasa hivi". Saa nne paneli zinachaji, mita inasoma 13.5, fundi anatangaza betri nzima. Jioni inazima tena.

Bwana_Testa:
Unakuza mambo mkuu. Salamu tupu mimi sijibu, aseme shida kwanza. Na 13.5 maana yake betri inapokea chaji, kwa hiyo ni nzima.

Mama_Sola:
Kupokea sawa, kushika je? Jua likiwaka unasoma nguvu ya chaji, na hata ukichomoa paneli volti hukawia kushuka. Asubuhi muulize tu aligusa nini, kipimo kisubiri usiku. Jua likizama azime kila kitu, betri ipumzike saa mbili tatu, apime. Kisha awashe TV huku mita iko kwenye vichwa vya betri. Ikitoka 12.3 ikasimama 11.9, betri inabeba. Ahamishie mita pale waya zinapoingia kwenye inveta. Huko ikisoma 10.8, volti zinapotelea njiani: waya mwembamba au kiungo kilicholegea. Lakini kama kwenye betri penyewe inaporomoka kuelekea 10.5, ambako inveta nyingi hukata, betri imechoka.

Na salamu, Bwana Testa, itikia. Kuna watu hawataji shida kabla hujawajibu, watasubiri mpaka waende kwa fundi mwingine.

Kijana_wa_Bara:
Samahani wakuu, yangu inasoma 13.2 asubuhi na usiku, ila inakata ghafla. Ni lithiamu. Nibadilishe?

Mama_Sola:
Usibadilishe kwa kipimo hicho, mdogo wangu. Lithiamu hukaa hapo hapo karibu mpaka iishe, hizi namba zetu ni za betri za asidi. Fungua uzi wako, utaje inveta na mzigo.

Waya_Mwekundu:
Mama, hiyo ya kusubiri usiku nakubali. Ila saa mbili usiku nani amkumbushe mwenzake? Mimi nasema fundi atume meseji.

Bwana_Testa:
Bure? Kwa wateja ishirini? Tuma wewe.