Wageni kwenye grupu la wafugaji wanaingia kimya na wanatoka kimya. Ujumbe wa ukaribisho nimeupini, nakosea wapi?

Mfugaji_Kihonda
Habarini wakuu. Ni admini wa grupu la WhatsApp la wafugaji wa kuku chotara na wa kienyeji hapa Morogoro. Tuko 340, na kila wiki wanaingia kati ya watu 5 na 10 kwa linki. Juu kabisa nimepini ujumbe wa ukaribisho: kanuni 14, ratiba ya chanjo, namba za wauza vifaranga, halafu mwisho kuna "Jitambulishe: jina kamili, mtaa, aina ya kuku, idadi ya kuku".

Mwezi uliopita waliingia 31. Walioandika chochote ni 4, na kati yao 3 waliuliza chanjo ya kideri inatolewa lini, jambo ambalo limo kwenye huo ujumbe. Hawasomi au ujumbe ni mbaya? Naomba mnisaidie kuupanga upya.

Chuma_cha_Zamani
Watu hawasomi vitu virefu, mkuu. Ufupishe, halafu uupini kwa siku 30 maana pini ina muda: saa 24, siku 7 au siku 30. Inawezekana yako ilishaisha ukadhani bado ipo. Ukiweka 30 kila anayeingia ataukuta pale juu.

Ngosha_Kahama
Dawa ya mabubu ni kuwatoa. Kwenye kikoba chetu asiyejitambulisha ndani ya siku tatu anaondolewa, na tumebaki watu 22 wa maana.

Katibu_Mkongwe
Ngosha, kikoba kina fedha za watu, lazima mjuane. Mwenzako hajauliza namna ya kupunguza watu, ameuliza namna ya kuwafungua mdomo.

Chuma, upo sahihi kuhusu muda wa pini, ila hapo kwenye "kila anayeingia ataukuta" ndipo tatizo lenyewe lilipo. WhatsApp si kama ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Ujumbe unakwenda kwenye simu za waliokuwemo wakati unatumwa. Aliyeingia kesho yake hana huo ujumbe kwenye simu yake, kwa hiyo hata ukiupini mwaka mzima yeye haoni kitu.

Mfugaji, hakikisha mwenyewe. Shikilia huo ujumbe uliopini mpaka uchaguliwe, fungua taarifa zake, utaona orodha ya waliousoma na waliofikiwa. Tafuta majina ya wale 31. Walioingia baada ya wewe kuutuma hutawakuta kwenye orodha yoyote.

Mfugaji_Kihonda
Nimefungua sasa hivi. Niliutuma Januari. Hakuna hata mmoja wa mwezi uliopita. Kumbe nimekuwa nikiwakaribisha wenyeji!

Dada_Likoni
Pole. Hapa Mombasa tulihamia Telegram kwa sababu hiyo hiyo. Kule pini haina muda, inakaa hadi uitoe, na ukiruhusu wageni kuona mazungumzo ya nyuma, mtu anaingia leo anasoma hata ya mwaka jana. Kaka, hamisha tu.

MamaVifaranga
Dada yangu, mfugaji wa Mvomero mwenye bando la meseji za WhatsApp peke yake hutamhamishia kokote. Utawahamisha 60 na 280 watabaki pale pale. Tumsaidie alipo.

Katibu_Mkongwe
Naafiki. Alipo kuna vitu vitatu, na kila kimoja kina kazi yake. Sasa hivi umevibebesha vyote kwenye ujumbe mmoja.

Cha kwanza ni maelezo ya kundi, yale yanayoonekana ukigusa jina la grupu. Hayo mgeni anayaona hata akiingia saa nane ya usiku. Nafasi ni kama herufi 2048, lakini kinachoonekana kabla ya kugusa "soma zaidi" ni mistari michache ya mwanzo. Kwa hiyo lile swali linalojirudia, chanjo, liwe mstari wa kwanza. Kanuni zitoke 14 zibaki 4, zile ambazo kweli unamtoa mtu akizivunja. Nyingine ni adabu tu, watu wataziona kwa wenyeji.

Cha pili ni ujumbe wa ukaribisho. Usiupini upya ule wa Januari, utume upya. Weka nakala kwenye daftari la simu, siku ya kukaribisha unakili, unabandika, unatuma, ndipo unapini kwa siku 7. Ukifika wiki inayofuata ule wa zamani umeshajitoa wenyewe. Pini zinazokaa kwa wakati mmoja ni tatu tu, usizijaze na matangazo ya vifaranga.

Ila hapo kuna tundu. Ukituma Jumamosi, aliyeingia Jumanne anasubiri Jumamosi nyingine. Njia ya kuliziba ni kuwasha ruhusa ya admini kuidhinisha wanachama wapya. Wenye linki wanapanga foleni, wewe unawafungulia wote Jumamosi saa 1:45 usiku, saa 2 unatuma ukaribisho. Wote wanaupata, na grupu linaona wageni wanane kwa pamoja badala ya "karibu, karibu, karibu" za kila siku zinazofanya watu wazime mlio.

Cha tatu ni swali la kwanza, nalo nakuachia MamaVifaranga, yeye analijua kuliko mimi.

MamaVifaranga
Asante Katibu. Ila hiyo foleni ya wiki nzima siikubali. Wengi wanatafuta grupu la kuku siku ambayo kuku wameanza kufa. Mtu ana vifaranga 100, Jumatatu 6 wamelala, anagonga hodi kwako, wewe unamfungulia Jumamosi? Atakuja na banda tupu. Fungua angalau Jumanne na Jumamosi.

Sasa swali. "Jina kamili, mtaa, aina, idadi" ni fomu ya serikali ya mtaa, na inaogopesha kwa sababu mbili. Mwenye kuku 500 hataki watu 340 asiowajua wajue ana kuku 500 na analala mtaa gani. Wezi wa kuku nao wana simu. Na mwenye kuku 6 anaona haya kuandika 6 chini ya mtu aliyeandika 800. Wote wawili wananyamaza.

Swali zuri ni lile ambalo kila mtu ana jibu lake, halina kufaulu wala kufeli, linajibika kwa maneno matano na kidole kimoja, na jibu lake linampa mwenyeji pa kushikia. Ningeandika hivi:

"Karibuni Asha, Juma, Mama Neema na wenzenu watano mlioingia leo. Ratiba ya chanjo na kanuni zipo kwenye maelezo, gusa jina la grupu juu. Una kuku mgonjwa sasa hivi? Usisubiri, andika umri wake, dalili, chanjo ya mwisho, na picha ya kinyesi. Kama wako salama, tuambie: kuku wako wanalala wapi? Banda la miti, la matofali, chumba cha uani, au bado hujajenga? Picha ruksa."

Ni hayo tu. Majina uyaweke kwa alama ya @ ili simu zao ziwaite. Na swali liwe moja. Ukiongeza "na unalisha nini, na ulianza lini", mgeni anaahirisha kujibu mpaka apate nafasi, na nafasi haiji.

Angalia banda linavyofanya kazi. Mtu akiandika "chumba cha uani", mwenyeji anauliza dirisha liko upande gani, joto la usiku anafanyaje, hapo maongezi yameshaanza. Akiandika "bado", ndiyo wakati wa kumwambia asinunue vifaranga kabla ya banda.

Chuma_cha_Zamani
Nimekubali la pini. Lakini kwa nini asiweke kura? Mtu anagusa chaguo moja, amemaliza.

Katibu_Mkongwe
Kura inakupa hesabu, haikupi sauti. Aliyegusa chaguo bado hajaandika neno lake la kwanza, na neno la kwanza ndilo gumu. Tena mwenyeji hawezi kujibu kura ya mtu mmoja mmoja. Itumie kwa wenyeji, mkichagua siku ya kuagiza chanjo kwa pamoja.

MamaVifaranga
Na Mfugaji, usijibu wewe peke yako. Mgeni akiona kila jibu linatoka kwa admini anahisi yuko ofisini. Omba wenyeji wawili wawe wapokezi wa wiki, wabadilishane. Kazi yao ni dakika 30 tu, saa 2 hadi 2:30 usiku. Mmoja ajibu swali la banda wa kwanza, tena kwa picha ya banda la kawaida, lenye bati la kutu na kila kitu. Ukianza na picha ya banda la kisasa lenye vihori vya kuning'iniza, wenye chumba cha uani watafunga simu. Wa pili amuulize kila mgeni aliyejibu swali moja la nyongeza. Jibu la mgeni likipita bila mtu kuligusa, harudi kuandika tena.

Dada_Likoni
Haya, nimewaelewa. Lakini hiyo ratiba ya chanjo kwenye mstari wa kwanza iwe ya kuku gani? Chotara wa vifaranga kutoka kwa muuzaji na kienyeji wa mtaani si kitu kimoja.

Mfugaji_Kihonda
Tunayotumia ni kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28. Kwa kienyeji wakubwa ni ile ya tone la jicho kila baada ya miezi mitatu.

Dada_Likoni
Basi andika yote mawili, na uongeze "uliza muuzaji vifaranga vimeshachanjwa nini kabla hujavichukua". Wengine wanarudia, wengine wanaruka, wote kwa sababu ya ratiba ya grupu.

Ngosha_Kahama
Na wasiojibu hata swali la banda? Mtakaa nao milele?

MamaVifaranga
Wengi wao wanasoma tu, Ngosha, na kuku wao wanapona. Wana kosa gani?

Katibu_Mkongwe
Mimi hapo nina mashaka kidogo. Grupu likikaribia watu 1024 ndio mwisho wake, halafu mwenye kuku mgonjwa anakosa nafasi kwa ajili ya mtu aliyebadilisha namba zamani. Ila kwa 340 bado ni mapema kubishana.

Mfugaji, pima hivi: kila kundi la wageni, hesabu walioandika chochote ndani ya saa 48. Ulikuwa na 4 kati ya 31. Ukipata 3 kati ya 8, swali linafanya kazi. Wakibaki wale wale, fungua taarifa za ujumbe kwanza. Kama wameusoma na wamenyamaza, badilisha swali. Kama hawajausoma, badilisha saa ya kutuma.

Mfugaji_Kihonda
Nimewasha idhini, nimepunguza kanuni zimebaki 5 (ya tano imenishinda kuifuta, ya wauza dawa za mitishamba). Tayari kuna watu wanne kwenye foleni na leo ni Alhamisi. MamaVifaranga, niwafungulie au nisubiri Jumamosi?

MamaVifaranga
Wafungulie. Andika la mgonjwa tu, la banda liache mpaka Jumamosi.

Katibu_Mkongwe
Foleni imekufa siku ya kwanza.