Skolashipu ya alama 70: wa 69 na wa 70 wana tofauti gani?

Mdadisi: Nina data ya waliofanya mtihani wa kuchujwa, aliyepata 70 kwenda juu anapewa skolashipu. Kwenye mtihani wa mwisho waliopewa wana wastani wa 66, waliokosa 48. Jamaa mmoja kaniambia hiyo 18 haina maana, eti niangalie waliokaribia 70 tu. Sasa data yote ile nitupe?

Chaki_Nyeupe: Hiyo 18 imechanganya mambo mawili, skolashipu na uwezo waliokuja nao. Wa 95 angekushinda hata bila skolashipu. Ila usichukue wa 69 na wa 70 peke yao, watakuwa wachache na hata alama moja ina uzito wake. Chukua tuseme 60 mpaka 80, chora mstari wa waliokosa uende mpaka ufike 70, chora mwingine wa waliopata uanzie hapo hapo. Tuseme wa kwanza unafika 70 ukiwa kwenye 54 ya mtihani wa mwisho na wa pili unaanzia 57. Ule mruko wa 3 ndio kazi ya skolashipu kwa watu wa pale mstarini. Halafu rudia kwa 65 mpaka 75, mruko ukihamahama ovyo shtuka.

Babu_Takwimu: Kwa hiyo 15 zilizobaki ni akili zao tu. Hii njia ya kutafuta mruko mstarini, regresheni diskontinuiti, ni fasheni ya juzijuzi inayogundua tulichokuwa tunakijua. Mstari ni mstari, aliyepata 69 angesoma zaidi, basi.

Nimekosa_Moja: Angesoma zaidi??? Mimi nilikosa kwa alama moja babu, MOJA, na niliyekaa naye dawati moja alipata 70 na tulikuwa tunasoma kwenye daftari lile lile, leo unakuja na kofia yako ya busara unaniambia ningesoma zaidi

Babu_Takwimu: Pole, lakini hata wa 68 naye atalia, na wa 67. Tuweke mstari wapi, sifuri?

Chaki_Nyeupe: Fasheni ya juzi? Watafiti Thistlethwaite na Campbell waliitumia 1960, na ilikuwa hivi hivi, tuzo za wanafunzi. Halafu hiyo 15 huwezi kuiita akili, maana mruko wa 3 ni wa watu wa karibu na 70. Kwa wa 90 skolashipu inaweza kuwa imefanya zaidi, au isifanye kitu kabisa, data hii haisemi. Na huyu aliyekosa moja, hasira zake ndizo zinazoibeba njia yenyewe: yeye na wa dawati lake walikuwa sawa, kilichowatenganisha ni bahati.

Mwl_Mstaafu: Bahati? Ngojeni niseme ukweli. Nimesahihisha miaka mingi, nikikuta karatasi ya 69 ya mtoto ninayejua anajituma nilikuwa narudi kuitafuta moja, insha haikosi pa kuongeza. Tulifanya wengi na sijutii.

Nimekosa_Moja: Kumbeee. Yaani yangu uliiona ukaona sijitumi

Mwl_Mstaafu: Mwanangu mimi hata sikujui.

Nimekosa_Moja: Kuna mwenzako alinijua

Chaki_Nyeupe: Mwalimu, umetuharibia shughuli nzima, na asante. Kama wanaojituma walisogezwa 70, waliobaki 69 ni wale ambao hakuna aliyewatetea. Hapo hata skolashipu isipofanya kitu mruko utauona tu, ila ni mruko wa kujituma. Mdadisi, hesabu vichwa kwa kila alama. Watu wakipungua ghafla 69 na kujaa 70, kuna mkono wa mtu. Jaribio la McCrary la 2008 linapima hilo, ila kwa alama nzima nzima kama hizi anza na macho. Pia chukua alama zao za mwaka uliotangulia uzichoree mistari ile ile. Skolashipu ilikuwa haijatoka, kwa hiyo pasiwe na mruko.

Babu_Takwimu: Si atoe tu wa 69 na wa 70, abaki na wengine?

Chaki_Nyeupe: Wengine hufanya hivyo na inasaidia kiasi. Lakini kama kuna aliyesogezwa kutoka 68, au 67, utatoa mpaka wapi? Kila ukitoa, mistari inabidi ikisie umbali mrefu zaidi.

Mdadisi: Nimehesabu. 67 wapo 40, 68 wapo 38, 69 wapo 11, 70 wapo 64. Na za mwaka uliotangulia zinaruka 2.

Chaki_Nyeupe: Basi ile 3 usiiandike popote kwanza. Tafuta kama alama za kabla ya kupitiwa upya zilihifadhiwa.

Mwl_Mstaafu: Tulikuwa tunafuta kwa raba.

Nimekosa_Moja: kwa RABA jamani