Mtaala wa mafundi wa mashine za alizeti umeandikwa bila kumuuliza mkamuaji hata mmoja!

MwalimuWaKarakana:

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitaificha.

Mimi ni mwalimu wa ufundi mitambo katika chuo kimoja hapa kanda ya kati. Sitakitaja. Mwezi uliopita nimekabidhiwa mtaala mpya wa kozi fupi ya miezi mitatu kwa mafundi na waendeshaji wa mashine za kukamua alizeti. Nikafurahi, maana kuanzia Kongwa mpaka Singida alizeti ndiyo kazi ya watu. Nikafungua. Wiki tatu za mwanzo ni kupiga tupa. Mbili zinazofuata ni kuchora michoro ya mitambo. Kuna wiki nzima ya historia ya injini. Mashine yenyewe ya kukamua imepewa siku nne, na ndani ya hizo nne hakuna neno moja kuhusu mashudu.

Nikauliza tathmini ya mahitaji ilifanyikaje. Nikaambiwa ilifanyika, na nikaoneshwa dodoso. Hapo ndipo damu ilipochemka. Swali lilisema: "Weka alama ya vema kwenye moduli unazoona ni muhimu," halafu chini yake zimeorodheshwa moduli zilezile zilizomo kwenye mtaala, kwa mpangilio uleule. Yaani majibu yalishaandikwa, mhojiwa kaombwa aweke vema tu. Nani atakataa usalama kazini? Nani ataweka kosa kwenye michoro? Karibu kila karatasi ina vema juu mpaka chini. Tena zilijazwa maofisini na kwenye maduka ya vipuri mjini. Aliyeshika mbegu mkononi hakufikiwa.

Nikachukua likizo yangu mwenyewe, siku nne mwezi wa saba, nikaenda Kibaigwa na daftari. Nilikaa kwenye mashine tano. Kila iliposimama nikaandika imesimamishwa na nini, nani kaitengeneza, na imechukua muda gani. Zilisimama mara 23. Mara tisa ni mkanda kuteleza au kuvuka. Mara saba mashudu yamekwama ndani. Nne ni kitambaa cha chujio, mbili beringi, na moja mota kuungua.

Sasa mtu mvivu wa kufikiri atasema mkanda umeongoza, basi mkanda upewe wiki mbili. Hapana! Mkanda kijana anaufunga kwa dakika kumi na hakuna aliyemfundisha. Jambo linalotokea kila siku lakini linajifunza lenyewe halihitaji wiki darasani. Mota imeungua mara moja tu, lakini mwenye mashine kafunga siku tatu, kalipa kusuka koili upya, na wakulima wamepeleka magunia kwa jirani.

Na kwa nini iliungua? Nilikuwepo. Mashudu yalikuwa yanakwama asubuhi, kwa sababu kijana aliibana koni ya mwisho mashine ikiwa bado ya baridi na kumimina mbegu nyingi kwa pupa. Kila ikikwama mota inaelemewa, na ovalodi inakata umeme, kama ilivyotengenezwa ifanye. Yeye akaona ovalodi ndiyo inamsumbua. Akachukua bisibisi, akazungusha kile kidude mpaka mwisho wa namba, mbali kabisa na ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Ikatulia. Saa nane mchana fezi moja ikapotea. Mota ikaanza kunguruma kwa sauti nzito, na ovalodi iliyoachwa wazi vile haikukata. Tukasikia harufu, tukaona moshi.

Hayo yote ni kitu kimoja kinachofuatana: kuipasha mashine kabla ya kubana, kulisha mbegu kwa kiasi, na kuijua ovalodi inakueleza nini. Kwenye mtaala wetu ovalodi iko moduli ya umeme, imechorwa alama yake tu. Koni haimo. Na mtu kasaini kwamba mahitaji yamechambuliwa!

Mmiliki_Kongwa:

Mkuu, nakuunga mkono lakini mnazunguka sana. Sisi wenye mashine ndio tunaoajiri, tuulizeni sisi tuwaambie. Mimi shida yangu moja tu: mafuta yanabaki kwenye mashudu. Vijana hawajui kazi na hawana nidhamu. Wafundisheni hayo mawili, kozi imekwisha.

MwalimuWaKarakana:

Mkuu, wewe unaajiri na lazima uulizwe, sibishi. Ila mwenye mashine mmoja aliniambia maneno hayohayo. Nikamwomba tufungue. Skrubu imelika mpaka meno yake yamekuwa butu, huwezi kubana mbegu kwa skrubu ile hata uwe nani. Kijana wake alishamwambia toka msimu uliopita. Nilimuuliza kijana: ukipewa skrubu nzima leo, mafuta yatatoka? Akacheka, akasema njoo uone. Huyo hakosi ujuzi, kakosa kipuri. Hata umpeleke chuo miaka miwili, akirudi mashudu yatakuwa na mafuta vilevile. Yako wewe skrubu yake ina umri gani?

Mmiliki_Kongwa:

Skrubu ni ghali mkuu. Na ya kwangu ilijazwa kwa kuchomelea.

MamaNkuhungu:

Samahanini, fomu za hiyo kozi zinatoka lini na ada ni kiasi gani? Nina kijana wangu yupo nyumbani tu. Halafu haya mnayosema yamempata binti yangu. Alisoma ushonaji mwaka mzima kwa cherehani ya kukanyaga kwa mguu. Kaenda kuomba kazi kiwandani, kakuta cherehani za umeme, na mtu mmoja anashona kola tu kutwa nzima, kola kola kola, kwa kuhesabiwa vipande. Siku ya majaribio alishindwa kuituliza, ikamkimbia na kitambaa. Kashona gauni zima zuri huyu mtoto, lakini kule hakuna anayetaka gauni zima. Hakuna aliyemwambia.

MwalimuWaKarakana:

Mama, shikamoo. Fomu bado, na nikuombe usilipe chochote kwa kozi hii mpaka irekebishwe. Pole kwa binti. Ila cherehani ya mguu haikuwa kosa kwa kila mwanafunzi. Aliyetaka kufungua banda lake Chamwino angefaidika nayo. Walipaswa kuuliza kwanza wanafunzi wanakwenda kufanya kazi wapi.

MzeeWaMitaala:

Nimefanya kazi ya kuandaa mitaala ya ufundi miaka mingi kabla ya kustaafu. Mwalimu, hasira yako ina haki, lakini nikusahihishe mahali, maana na wewe unataka kuandika mtaala kwa siku nne.

Ulikwenda mwezi wa saba. Msimu ndiyo kwanza umeshika, mashine nyingi zimetoka kufanyiwa matengenezo. Skrubu kulika, beringi kufa, hayo yanakuja kwa wingi mbele, mashine ikishakula magunia mengi. Daftari lako limeona mashudu kukwama mara saba na beringi mbili. Ungekwenda Oktoba huenda ungekuta picha nyingine.

Pili, kuangalia peke yake hakutoshi. Fundi mzuri ukimwangalia hutaona kitu, kwa sababu tatizo kalizuia kabla halijatokea. Ndiyo maana kuna utaratibu wa DACUM. Unakusanya watu kati ya watano na kumi na wawili wanaoifanya kazi hiyo vizuri, siku mbili, chumba kimoja. Wakamuaji wenyewe, si wakuu wao na si walimu wao. Mwezeshaji hafundishi, anauliza: asubuhi unaanza na nini? Halafu? Kila kazi inaandikwa kwenye kadi, kwa kitenzi: "kubadilisha kitambaa cha chujio", "kurekebisha koni". Kadi zinabandikwa ukutani, wanabishana, wanapanga upya. Walimu wakiruhusiwa kuingia, wakae nyuma na wanyamaze. Nimeona zoezi zima likiharibika kwa sababu mwalimu mmoja alisimama kusema "lakini darasani sisi huwa tunaanza na…", na mafundi wakanyamaza mpaka jioni. Kisha orodha inapelekwa kwa mafundi wengine ambao hawakuwepo, waseme kila kazi hutokea mara ngapi, ikikosewa hasara yake ni nini, na ni ngumu kiasi gani kujifunza. Ulichofanya na mkanda na mota ni hicho hicho, ila umekifanya kwa kichwa chako peke yako.

Na kuna swali hujaligusa: kanda nzima inahitaji mafundi wangapi wa mashine hizi? Ukitoa thelathini kila miezi mitatu, wa mwaka wa pili wataajiriwa na nani?

MwalimuWaKarakana:

Mzee, shikamoo. Hilo la mwezi wa saba limenipiga, sikulifikiria. Hilo la idadi sina jibu. Hesabu ya mashine zilizopo sijaiona popote kwenye faili la tathmini.

Mkamuaji_Singida:

Mimi nakamua mwaka wa tisa sasa. Darasa la saba. Hakuna aliyewahi kuniletea karatasi, na angeniletea ningeweka vema kote niendelee na kazi. Lakini ukiniuliza kwa mdomo nitakwambia. Mashudu yakitoka mimi nayashika. Yakiwa membamba na yanavunjika kwa vidole, sawa. Yakiwa laini yanateleza, mafuta yamo. Yakitoka meusi na harufu ya kuungua, umebana mno. Mashine nayo ina sauti, ikitaka kukwama inabadilika kabla. Hilo mtaandikaje kwenye mtaala?

Halafu mwalimu, kozi yenu ni miezi gani?

MwalimuWaKarakana:

Imepangwa Julai mpaka Septemba.

Mkamuaji_Singida:

Basi mmetufungia mlango. Juni mpaka Novemba ndiyo tunakula. Nani ataacha mashine aje kupiga tupa?

MzeeWaMitaala:

Umeona? Hilo nalo ni sehemu ya tathmini: mwanafunzi ni nani na ana nafasi lini. Mngeweka Januari mpaka Machi.

Mkamuaji_Singida:

Mzee, Januari mpaka Machi mvua inanyesha, tupo shambani. Hiyo alizeti inalimwa na nani?

Mmiliki_Kongwa:

Aprili na Mei basi, palizi imekwisha na kukamua hakujaanza.

Mkamuaji_Singida:

Miezi mitatu haiingii hapo. Na Mei kwetu wengine wameshaanza kuvuna. Halafu nauli na chakula mjini, utanilipia wewe?

Mmiliki_Kongwa:

Nikulipie halafu ukimaliza uhamie kwa jirani?

MwalimuWaKarakana:

Ukitoa tupa na historia ya injini, wiki sita zinaweza kutosha. Au walimu tuwafuate huko huko kwenye mashine, ingawa chuo kitasema hakina fungu la usafiri. Jumatatu kuna kikao cha kuupitisha huu mtaala. Naingia na dodoso lao mkono mmoja na daftari langu mkono wa pili, nitaomba usipitishwe kabla ya wakamuaji kukaa siku zao mbili. Mkamuaji, nije kwako mwezi wa kumi nikae siku kumi? Sitauliza maswali mengi. Nataka kuyashika hayo mashudu.

Mkamuaji_Singida:

Njoo. Ila uje na nguo za kuchafuka.